Kalori za Sushi Hazihesabiwi kwa Vipande
Wali ndio msingi wa hesabu, lakini mafuta ndiyo yanayoipandisha

Weka vipande viwili vya sushi kwenye sahani moja. Cha kwanza kimesokotwa na tango peke yake, mwani ukiwa nje. Cha pili kina samaki wa samoni na parachichi, wali ukiwa nje, ufuta umenyunyizwa juu na mayonezi yenye pilipili imepita kwa mstari. Kipande cha tango kina kalori zipatazo 24. Cha samoni kinafika 62. Lakini ukivifumua na kupima wali peke yake, utakuta tofauti ya gramu tatu tu: kama 13 kwenye kile na 16 kwenye hiki.

Hapo ndipo hesabu za watu wengi zinapoharibika. Anayefuatilia uzito wake huandika kwenye daftari "sushi, vipande vinane", akaamini kazi imekwisha. Kumbe vipande 18 vya tango vina kalori chache kuliko vinane vya samoni na mayonezi. Kwa chakula hiki idadi ya vipande haisemi kitu mpaka ujue mambo matatu: gramu za wali, kitoweo kilichowekwa ndani, na kilichomiminwa juu au kuchovewa pembeni. Makala haya yanayafuata matatu hayo kwa mpangilio huo, kwa mizani ya jikoni na hesabu za kuzidisha na kugawanya. Kila tunaposema kalori tunamaanisha kilokalori, zile zinazoandikwa kcal kwenye pakiti za vyakula.

Anza na mchele mkavu

Ukitafuta kalori za wali mweupe utakutana na majibu yanayogongana. Jedwali la Idara ya Kilimo ya Marekani linasema gramu 100 za wali zina kalori 130. Jedwali la taifa la Japani, linalotolewa na wizara ya elimu ya nchi hiyo, linasema 156. Ukishika toleo la Japani la mwaka 2015 utakuta 168 kwa wali uleule, kwa sababu toleo la 2020 lilibadilisha kanuni ya kukokotoa nishati. Wali haukubadilika, ila njia ya kuuhesabu.

Tofauti kati ya Wamarekani na Wajapani inatokana zaidi na maji. Wali wa jedwali la Japani una maji asilimia 60 hivi, wa Marekani unakaribia asilimia 68. Maji hayana kalori, lakini yana uzito. Kadiri wali unavyokunywa maji ndivyo kila gramu yake inavyopungua nguvu. Ndiyo maana wapishi wawili wanaweza kupika mchele uleule kutoka gunia moja, mmoja akatoa wali mkavu wenye kukaza na mwingine wali laini, na kila mmoja akawa na namba yake ya haki.

Njia ya kuukwepa mgongano huo ni kuhesabu kabla maji hayajaingia. Mchele mweupe mkavu una kalori zipatazo 350 kwa gramu 100, iwe ule mfupi wa Kijapani, pishori ya Mwea au mchele wa Kyela. Majedwali hutofautiana kidogo juu na chini ya hapo, lakini si kwa kiasi cha kuvuruga mlo. Pima mchele mkavu, zidisha kila gramu kwa 3.5, andika jibu. Ukishapika, pima wali wote uliopatikana. Gawanya kalori kwa uzito huo, na umepata namba ya sufuria yako, isiyo ya mtu mwingine.

Tuchukue mfano. Gramu 300 za mchele zina kalori 1,050. Ukipikwa Kijapani, kwa maji yanayozidi mchele kidogo tu, unatoa wali wa gramu 660 hivi. Gawanya, na kila gramu ina kalori 1.6. Mchele huohuo ukimiminiwa maji mengi hadi wali ukafika gramu 800, kila gramu inashuka hadi 1.3, ile namba ya Wamarekani. Jumla ya sufuria imebaki 1,050. Anayepima wali laini kisha akatumia namba ya wali mkavu anajiongezea kalori ambazo hazipo, na anayefanya kinyume anajipunguzia ambazo amekwisha kula.

Jambo hili lina uzito maalumu kwa mpishi wa Afrika Mashariki. Onigiri na sushi hutegemea mchele mfupi unaonata wenyewe. Mchele wetu wa punje ndefu wenye harufu nzuri hauko hivyo. Punje zake huachana, na hiyo ndiyo sifa tunayoitafuta kwenye pilau. Anayetaka kuufinyanga donge hulazimika kuongeza maji na kuuponda kidogo. Wali unakuwa mzito, lakini kwa kila gramu una kalori pungufu kuliko wa Kijapani. Namba ya kwenye kitabu cha Tokyo haimfai. Ya mchele wake mkavu inamfaa.

Na kama ametaka kufinyanga madonge kwa kiporo cha wali wa nazi, hesabu inabadilika zaidi. Tui zito lina kalori kama 230 kwa gramu 100, ingawa hutofautiana kwa namna lilivyokamuliwa. Mililita 200 za tui hilo ndani ya mchele wa gramu 300 zinaongeza kalori zipatazo 460. Donge la gramu 100 ambalo lingekuwa na 160 sasa linakaribia 230 kabla halijatiwa kitoweo chochote.

Sukari ya wali wa sushi

Wali wa onigiri huwa mtupu, na chumvi huingia kupitia viganja vilivyoloweshwa maji ya chumvi. Wali wa sushi hutiwa siki, sukari na chumvi ungali moto, ukapepewa huku ukigeuzwa kwa mwiko bapa. Wengi wakisikia sukari huogopa, na mara nyingi nimesoma ushauri kwamba wali wa sushi uepukwe kwa sababu hiyo. Tuupime.

Kwa mchele wa gramu 300, kipimo cha kawaida ni siki mililita 60, sukari gramu 30 au chini ya hapo, na kijiko cha chai cha chumvi. Sukari ina kalori 4 kwa gramu, kwa hiyo inaleta 120. Siki ya mchele inaleta kama 30. Chumvi haina kitu. Ukijumlisha na 1,050 za mchele unapata 1,200. Lakini siki imeongeza uzito pia, na baada ya kupepewa sufuria nzima inasimama kwenye gramu 720 hivi. Kila gramu ya wali wa sushi, kwa hiyo, ina kalori 1.67.

Linganisha na 1.6 ya wali mtupu. Katika msokoto mzima wenye gramu 130 za wali, tofauti ni kalori tisa. Sukari ipo, na mpishi anayeimimina bila kupima ataizidisha, lakini katika kipimo cha kawaida si sukari inayopandisha hesabu. Tukiilaumu, tunamwacha mwenye kosa aende zake, naye tutakutana naye kwenye kitoweo na mchuzi.

Vivyo hivyo kwa wali wa mchele usiokobolewa. Jedwali la Japani linaupa kalori 152 kwa gramu 100, nne tu chini ya mweupe. Una nyuzinyuzi nyingi zaidi na hushibisha vizuri, na hizo ni sababu nzuri za kuula. Kupunguza kalori si mojawapo.

Kipande hakina kipimo kimoja

Kabla ya kwenda kwenye kitoweo, lazima tujue wali kiasi gani unaingia wapi. Hapa historia ya Japani inatoa fundisho. Mwaka 1947, wakati wa njaa ya baada ya vita, serikali ilisimamisha biashara za kuuza vyakula mikahawani. Wauza sushi wa Tokyo walipata ruhusa ya kuendelea kwa mpango wa kipekee: mteja alete mchele wake, kipimo cha goo moja, alipe ujira, apewe sushi kumi. Goo moja ni mililita 180, yaani mchele wa gramu 150, ambao ukipikwa unatoa wali wa gramu 330 hivi. Ukiugawa kwa kumi unapata gramu 33 kwa kila kimoja. Sushi ya kufinyangwa mkononi inayouzwa leo huwa na wali wa gramu 15 hadi 20. Kwa hiyo "sushi kumi" za babu na "sushi kumi" za mjukuu si mlo mmoja. Za babu zilibeba karibu maradufu.

Ukubwa huo unaendelea kubadilika leo kutoka mkahawa mmoja hadi mwingine. Yapo, hata hivyo, makadirio yanayosaidia. Msokoto mwembamba, ambao Wajapani huuita hosomaki, hutumia nusu karatasi ya mwani na wali wa gramu 80 hivi, ukakatwa vipande sita. Msokoto wa wali nje, uramaki, hubeba gramu 100 hadi 150 na hukatwa vinane. Ule mnene, futomaki, hutumia karatasi nzima na unaweza kufika gramu 250. Donge la onigiri la dukani huwa na wali wa gramu 100 hivi, na la nyumbani, likifinyangwa na mwenye mikono mikubwa, hufika 150 bila yeye kujua.

Onigiri hudanganya jicho kwa sababu hufinyangwa. Wali unaojaza bakuli la chai la Kijapani, gramu 150, unashindiliwa ukaenea kiganjani. Umepungua ukubwa, haukupungua uzito. Anayekula madonge mawili ya nyumbani huku akitembea amekula mabakuli mawili ya wali, na hakuna sahani iliyobaki mbele yake ya kumkumbusha.

Kwa hiyo pima. Usipime kipande kimoja kimoja, kwa kuwa mizani nyingi za jikoni hukosea gramu moja au mbili, na kosa hilo kwenye kipande chenye wali wa gramu 16 linaweza kuzidi sehemu ya kumi. Weka bakuli la wali juu ya mizani, andika uzito, tandaza wali wa msokoto mmoja juu ya mwani, kisha soma mizani tena. Kilichopungua ndicho kilichoingia kwenye msokoto. Zidisha kwa 1.67, halafu subiri hadi mwisho ndipo ugawe kwa idadi ya vipande.

Kitoweo cha ndani

Mwani wenyewe hauna la kusema. Karatasi nzima ina gramu tatu, na nusu yake haizidi kalori tano. Tango lina 15 kwa gramu 100. Jodari mbichi asiye na mafuta ana kama 110. Kamba wa kuchemsha hukaribia 100. Mpaka hapo tuko kwenye vitoweo ambavyo kwa gramu vina kalori chache kuliko wali uliovizunguka. Ukiongeza jodari na kupunguza wali, kipande kinabaki na ukubwa wake huku hesabu ikishuka.

Kisha unafika mpakani na kuuvuka. Samoni wa kufugwa ana kalori kama 208 kwa gramu 100, parachichi 160, karibu sawa na wali wenyewe, jibini laini karibu 340, ufuta zaidi ya 570, mayonezi 680. Sababu ni moja tu, mafuta: gramu moja ya mafuta ina kalori tisa, na gramu ya wanga au protini ina nne. Samoni na parachichi ni vyakula vizuri, na mafuta yake ni ya aina inayosifiwa kwa afya ya moyo. Lakini mizani ya nishati haiulizi sifa. Inahesabu.

Sasa tuusokote ule wa samoni tulioanza nao. Wali gramu 130, kalori 217. Nusu karatasi ya mwani, 4. Samoni gramu 45, kalori 94. Parachichi gramu 30, kalori 48. Ufuta gramu 5, ambao ni chini ya kijiko cha chakula, kalori 29. Jumla ni 392. Gawanya kwa nane: 49 kwa kipande.

Usokote na ule wa tango. Wali gramu 80, kalori 134. Mwani 4, tango 4. Jumla 142, gawanya kwa sita, ni 24 kwa kipande. Angalia kilichotokea: kwenye msokoto wa tango, wali ndio karibu kila kitu. Kwenye ule wa samoni, wali ni zaidi kidogo ya nusu, na iliyobaki imetoka kwenye gramu 80 za kitoweo na ufuta.

Onigiri nayo inafuata kanuni hiyo. Donge la wali gramu 100 lenye tunda la umeboshi lililokaushwa kwa chumvi lina kalori 166 hivi, na 160 kati ya hizo ni wali. Donge hilohilo likijazwa jodari wa kopo gramu 25 aliyechanganywa na mayonezi gramu 10 linafika 253. Jodari wa kopo lenye maji ameleta 25 tu. Mayonezi imeleta 68. Kama kopo lilikuwa la mafuta, ongeza nyingine 25 hata baada ya kuchuja vizuri. Hii ndiyo sababu kwenye rafu za maduka ya Japani donge la jodari na mayonezi huwa juu ya lile la umeboshi kwa kalori kadhaa, ingawa yamefungwa kwa karatasi ya umbo moja na yana uzito unaokaribiana.

Vilivyokaangwa vinahitaji tahadhari ya pekee. Kamba wa tempura amevikwa unga uliofyonza mafuta, na huwezi kujua amefyonza kiasi gani kwa kumtazama. Ukikaanga mwenyewe, pima mafuta kwenye karai kabla, na uyapime tena yakishapoa. Yaliyopungua yamegawanyika kati ya kamba, karatasi ya kuchujia na matone ya jikoni, kwa hiyo yatakupa kiwango cha juu kabisa kinachowezekana. Mkahawani, kadiria kalori 50 kwa kamba mmoja wa kawaida. Msokoto wenye kamba wawili wa namna hiyo, jibini laini gramu 30, wali gramu 130 na kijiko cha mayonezi juu unapita 500, yaani kama 66 kwa kila kipande.

Mchuzi wa juu na wa kuchovea

Turudi kwenye samoni wetu wa kalori 49. Kijiko kimoja cha chakula cha mayonezi yenye pilipili, gramu 15, kina kalori 100 hivi. Kikimiminwa juu ya vipande vinane, kila kimoja kinapokea 13, na ndipo kinapofika 62. Msokoto mzima sasa una 494. Mchuzi pekee umeleta zaidi ya samoni wote. Na huo ni msokoto wa mpishi mwenye mkono wa kiasi. Akipitisha mistari miwili badala ya mmoja, ongeza mia nyingine.

Mchuzi mzito mtamu unaopakwa juu ya mkunga wa kuchoma hupikwa kwa soya, sukari na mirini, ile pombe tamu ya kupikia. Hauna mafuta, kwa hiyo kijiko chake hakifiki mayonezi hata nusu, lakini sukari yake inahesabika. Anayeupika nyumbani ajumlishe sukari na mirini kabla ya kuutia motoni, kisha agawe kwa uzito wa mchuzi uliokauka. Ni kanuni ileile ya mchele mkavu: hesabu kabla maji hayajaingia wala kutoka.

Sosi ya soya ya kuchovea ni kesi nyingine kabisa. Mililita 10, zinazotosha msokoto mzima, hazina kalori kumi. Anayehesabu nishati peke yake anaweza kuisahau. Asiyeweza kuisahau ni mwenye shinikizo la damu. Soya ya kawaida ya Kijapani ina chumvi zaidi ya gramu 14 kwa kila gramu 100, hivyo mililita hizo 10 zinaleta kama gramu 1.7. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku nzima. Theluthi ya siku imekwisha kwenye kisahani, na bado kuna chumvi ya ndani ya wali.

Kiasi kinachochovewa kinapimika kwa urahisi: weka kisahani chenye sosi kwenye mizani kabla ya kula na baada ya kula. Namna ya kuchovea nayo inabadilisha jibu. Upande wa wali hunyonya. Upande wa samaki hauna pa kunyonyea. Ndiyo maana sushi ya kufinyangwa mkononi huinamishwa ikagusa soya kwa samaki, na wali usiguse. Misokoto ya wali nje haina kinga hiyo, na hunyonya kila inapotua.

Pale usipokuwa na mizani

Nyumbani hesabu hii inakamilika. Mkahawani na dukani inabaki makisio, na makisio mazuri yana utaratibu wake.

Kwanza, hakikisha namba uliyosoma inahusu nini. Kwenye menyu na kwenye programu za simu za kuhesabu kalori, neno la msokoto wakati mwingine linamaanisha msokoto mzima na wakati mwingine kipande kimoja. Kipimo cha haraka ni hiki: kipande cha kawaida hakiwezi kuwa na kalori 300, na msokoto mzima wa wali nje hauwezi kuwa na 45. Ukiona mojawapo, umesoma mstari usio wako.

Pili, tazama kipande kwa upande uliokatwa. Pete ya wali inayozunguka kitoweo ikiwa nyembamba, kama upana wa penseli, uko kwenye makadirio ya chini. Ikiwa nene kuliko kitoweo chenyewe, panda hadi gramu 150 za wali kwa msokoto. Kisha ujiulize mafuta yako wapi: samaki wa rangi ya chungwa, parachichi, jibini, makombo ya kukaangwa, mistari ya mchuzi mweupe au wa waridi. Kila kijiko cha mayonezi kiandikie 100. Usipoona hata kimoja kati ya hivyo, kalori za wali zitatosha kuwa hesabu yako, ukiongeza kidogo kwa samaki.

Tatu, usiisome lebo kama kauli ya mwisho. Japani tangu Aprili 2020 vyakula vilivyofungashwa hulazimika kuonyesha nishati, protini, mafuta, wanga na chumvi, na hilo limemrahisishia kazi mnunuzi wa onigiri. Lakini kanuni za huko zinakubali namba ya nishati ikosee hadi asilimia 20 juu au chini. Donge lililoandikwa 180 linaweza kuwa na 150 au 210 bila mtengenezaji kuvunja sheria. Kwa hiyo kugombania kalori tano za mwani au za tangawizi ya siki ni kupoteza muda. Nguvu ziende kwenye gramu za wali na vijiko vya mafuta, ambako makosa huwa ya makumi na mamia.

Nne, usiipunguze hesabu kwa sababu wali umepoa. Ni kweli kwamba wali ukipoa sehemu ndogo ya wanga wake hugeuka kuwa ngumu kumeng'enywa. Sehemu hiyo ni ndogo mno kuweza kufuta kijiko kimoja cha mayonezi, na wanaotangaza kwamba wali baridi una nusu ya kalori wanapotosha.

Kwa mwenye kisukari anayehesabu wanga ili kupanga dawa, utaratibu ni uleule ila namba inabadilika: gramu 100 za wali, uwe mtupu au wa sushi, zina wanga wa gramu 36 au 37 hivi. Donge moja la onigiri la kawaida linabeba kiasi hicho, na msokoto wa wali gramu 130 unakaribia 48. Yeye ndiye ambaye ukubwa wa donge unamhusu kuliko mchuzi, na mazungumzo yake na daktari yaanze na gramu za wali, si na jina la sushi.

Ukiyaweka yote pamoja, kila mlo una mahali pake pa kukata. Kwenye onigiri, punguza donge kutoka gramu 150 hadi 100 na umeondoa kalori 80 kwa mpigo, kitoweo kikiwa kilekile. Kwenye msokoto, kupunguza wali kutoka gramu 130 hadi 100 kunaondoa 50, ilhali kuomba mayonezi iletwe pembeni kwenye kisahani, ukachovea nusu yake, kunaondoa 50 nyingine bila kugusa chakula chenyewe. Samoni abaki. Parachichi libaki. Msokoto wa 494 umeshuka hadi 394, vipande vyake bado ni vinane, na aliyekuwa akihesabu vipande peke yake asingeona kwamba chochote kimebadilika.